Saiti imekabidhiwa kwa kuchelewa wiki sita: udai muda tu, au uharakishe, na uharakishe kwa njia ipi?

Swali hili linakuja sana kwa wakandarasi, na kila nikiulizwa naona mtu ameshachanganya mambo mawili kwenye karatasi moja. La kwanza ni notisi ya kuchelewa, yaani unamwambia injinia msimamizi kwamba hujapewa saiti na una haki ya muda na gharama. La pili ni programu ya kufidia muda, yaani unaonyesha jinsi kazi inavyoweza kurudi kwenye mstari kama mwenye mradi anataka na yuko tayari kulipia. La kwanza ni haki yako, la pili ni ofa yako, na ukiyaandika kwa sentensi moja ofa inaimeza haki.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho ili tulinganishe vizuri. Jengo la ofisi, slabu nne za juu, mkataba wa wiki 50, masharti ni ya FIDIC ya 1999, yaani masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi, kile kitabu chekundu. Mkataba unasema saiti ikabidhiwe tarehe 3 Machi. Tarehe hiyo mkandarasi akapewa uwanja wa kuweka kambi tu, eneo lenyewe la jengo lilikuwa bado na banda la zamani na watu ndani, likakabidhiwa 14 Aprili. Hizo ni siku 42.

Tuanze na barua, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa kabla hata hawajachimba. Barua ya kwanza ni ile ninayoiona kila mara:

"Kufuatia kuchelewa kukabidhiwa saiti, tunaambatanisha programu mpya. Tutaongeza nguvu kazi ili mradi ukamilike tarehe ile ile ya mkataba. Tunaomba ushirikiano wenu."

Ya pili:

"Kwa mujibu wa vifungu 2.1 na 20.1 tunatoa notisi kwamba hadi leo tarehe 5 Machi hatujapewa eneo la jengo, ambalo lilipaswa kukabidhiwa tarehe 3 Machi. Tulichopewa ni uwanja wa kambi peke yake. Uchimbaji uliopangwa kuanza 10 Machi hautaweza kuanza. Tutadai kuongezewa muda na kulipwa gharama, na athari inaendelea mpaka eneo litakapokabidhiwa."

Ya kwanza ina heshima na inasomeka vizuri, ila soma tena uone imesema nini: tarehe ya mwisho haijabadilika na nguvu kazi utaongeza mwenyewe. Hakuna kifungu, hakuna tarehe, hakuna dai. Mwishoni mwa mradi umechelewa siku 20, faini ya kuchelewa inakatwa kwenye malipo, unasema lakini saiti mlinichelewesha, unajibiwa wewe mwenyewe uliandika utamaliza kwa wakati. Nilikuwa kwenye timu ya mkandarasi mmoja tuliyeandika barua ya aina hiyo kabisa, tukiwa na nia njema ya kuonekana watu wa kazi, na ile sentensi ya nguvu kazi ilisomwa mbele yetu kwenye kikao cha mwisho cha hesabu. Sijaisahau. Barua ya pili haina ugomvi wowote, inasema tu kitu gani, tarehe gani, eneo gani na kazi ipi imekwama.

Halafu angalia tarehe ya hiyo barua ya pili, 5 Machi, wakati saiti haijapatikana. Kifungu 20.1 kinakupa siku 28 kutoka siku uliyojua au ulipaswa kujua tukio, na ulijua 3 Machi asubuhi ulipokuta watu kwenye banda. Kwa hiyo mwisho wa notisi ni 31 Machi. Wengi wanasubiri wakabidhiwe ndo wahesabu siku zilizopotea ndo waandike, na hapa wangeandika 14 Aprili wakiwa wameshachelewa wiki mbili, na masharti yanasema wazi kwamba ukipitisha siku 28 hupati muda wala malipo. Dai lenye maelezo kamili linafuata ndani ya siku 42, yaani hiyo hiyo 14 Aprili, na kwa kuwa athari inaendelea linahesabiwa kuwa la mpito, unalihuisha kila mwezi. Kama mkataba wenu ni FIDIC ya 2017, notisi ni siku 28 vile vile ila maelezo kamili ni siku 84, kifungu cha madai ni 20.2. Angalieni toleo mlilosaini, msikopi barua ya mradi uliopita.

Sasa unadai siku ngapi? Hapa wengi wanaandika 42 moja kwa moja, na injinia makini anaikata siku hiyo hiyo. Kwenye programu iliyokubaliwa, wiki ya kwanza ilikuwa ya kuweka kambi, maji, umeme na uzio, uchimbaji uanze 10 Machi. Uwanja wa kambi ulipewa kwa wakati na kambi ikajengwa wakati wa kusubiri. Uchimbaji ukaanza 14 Aprili, kwa hiyo kilichosukumwa kwenye njia kritiko, yaani ule mnyororo wa kazi ambao moja ikichelewa siku moja jengo zima linachelewa siku moja, ni siku 35. Dai 35. Ukidai 42 utabishaniwa zote, ukidai 35 ukaambatanisha hati ya makabidhiano ya sehemu mbili na picha za banda zenye tarehe, mjadala unakuwa mfupi.

Baada ya hapo ndo linakuja swali la kuchagua. Mwenye mradi anasema wapangaji wake wanaingia, anataka tarehe ya zamani, utafanyaje? Kuna njia nne nitakazozilinganisha, na ili tusizame kwenye bei za soko nitapima gharama kwa kipimo kimoja, nitakiita siku-saiti: gharama ya kuendesha saiti siku moja, walinzi, wasimamizi, mashine za kukodi, ofisi, vyote pamoja. Namba ni za mfano wetu, wewe utaweka zako.

| Njia | Siku zinazookolewa | Gharama (siku-saiti) | Inabanwa na nini |
|---|---|---|---|
| Kuongezewa muda tu | 0 | 35 | Mwenye mradi anapata jengo kwa kuchelewa siku 35 |
| Ovataimu | 5 | 13 | Uchovu, na zege halijui ovataimu |
| Seti ya pili ya fomu za kumwagia zege | 21 | 12 | Propu, yaani nguzo za muda za kushikilia slabu, na nguvu ya slabu za chini |
| Kupanga upya mfuatano | 14 | 3 | Propu zinazoziba sakafu, usalama |

Kuongezewa muda tu ndiyo njia safi kuliko zote kwa mkandarasi na sioni aibu yoyote kuichagua. Kifungu 2.1 kinakupa muda na gharama pamoja na faida ya kiasi, kwa sababu kosa ni la mwenye mradi. Jambo moja tu la kuwa makini, gharama za kusubiri zinapimwa kwa vitu vilivyokuwepo saiti kipindi hicho cha kusubiri. Mwezi wa tatu ulikuwa na walinzi, kambi na wasimamizi wawili, winchi ilikuwa haijafika, usiiweke. Ile 35 kwenye jedwali ni makadirio ya juu, ya kweli inaweza kushuka, na ni bora uishushe mwenyewe.

Ovataimu ndiyo kitu cha kwanza kila mtu anakitaja, kwa sababu ni rahisi kukisema kwenye kikao. Hebu tuipime. Mafundi wanafanya saa 54 kwa wiki, tunapandisha hadi 66. Mzunguko wa slabu moja, kutoka kumwaga zege mpaka kumwaga la slabu inayofuata, kwenye programu ya mkandarasi huyu ni siku 21, na umegawanyika hivi: siku 11 fomu imekaa chini ya zege jipya inasubiri zege lipate nguvu, siku 6 kupandisha na kufunga fomu juu, siku 3 nondo na mabomba, siku 1 kumwaga. Nguzo zinafanyika ndani ya zile siku 11 kwa hiyo hazionekani. Ovataimu inagusa siku 9 tu, za fomu na nondo. Siku 9 za saa 54 zikifanywa kwa kasi ya saa 66 zinakuwa kama 7 na nusu, unaokoa siku moja na nusu kwa slabu, mara nne ni 6, na ukitoa uchovu na kurudia kazi (fundi wa saa 11 wiki ya tano anafunga nondo vibaya, utamwona mkaguzi anakataa slabu) mi nahesabu 5. Umelipa siku-saiti 13 kuokoa siku 5. Unaharakisha sehemu ya mzunguko ambayo haikuwa tatizo.

Tatizo ni zile siku 11. Na kwa nini zinatubana? Sio kwa sababu slabu ya juu haiwezi kuanza, nguzo za juu unaweza kuanza kesho yake baada ya kumwaga, ni kwa sababu seti ya fomu ni moja na imekwama chini. Ukileta seti ya pili mzunguko unabadilika kabisa: siku 1 zege likae, 3 za nguzo, 6 za fomu, 3 za nondo, 1 ya kumwaga, jumla 14. Umetoka 21 umefika 14, siku 7 kila mzunguko. Slabu ya kwanza hainufaiki maana fomu yake haisubiri mtu, zinanufaika tatu zinazofuata, kwa hiyo siku 21. Hakuna mtu amefanya kazi usiku. Gharama ni kukodi mbao na vyuma vya seti moja zaidi, genge la maseremala la ziada, na propu nyingi zaidi.

Hizo propu ndo mahali pa kuumia usipokuwa mwangalifu, nikae hapo kidogo. Ukimwaga slabu ya pili siku ya 14, slabu ya kwanza ina umri wa siku 14 tu na ndiyo inabeba uzito wa zege bichi la juu yake kupitia propu. Haijafika nguvu yake kamili, ile ya siku 28. Kwa hiyo unaweza kutoa mbao za slabu ya kwanza zikatumike kwingine, lakini propu lazima zibaki au zirudishwe chini yake zikiwa zimenyooka na propu za juu, na injinia wa miundo ahesabu ni sakafu ngapi zibebeane. Anahitaji matokeo ya kyubu, yaani vipande vya kupimia nguvu, za siku 7 za zege lenu wenyewe, sio makadirio. Dalili ya mtu aliyepuuza hili ni nyufa nyembamba upande wa chini wa slabu katikati ya nguzo, au slabu imelala ukiweka uzi wa kupima, na hapo umeokoa siku 21 ukapoteza miezi. Ukiweka seti ya pili kwenye ofa yako bila mpango wa propu uliosainiwa, injinia ana haki ya kuikataa na mi ningemuunga mkono.

Kupanga upya mfuatano ndiyo njia ya bei rahisi na watu wanaidharau. Programu ya zamani ilisema tofali zianze wiki mbili baada ya slabu ya mwisho. Hakuna sababu ya kiufundi, ni mazoea tu ya kuandika bar chati, kazi moja iishe nyingine ianze. Tofali za sakafu ya chini zinaweza kuanza propu zikitoka pale huku juu wanaendelea kumwaga, ukiweka kinga ya vitu vinavyodondoka na njia tofauti ya kupandishia vifaa. Siku 14 kwa gharama ya siku-saiti 3, nyapara mmoja zaidi na hiyo kinga. Ubaya wake ni kwamba unakula floti yako yote, yaani ile nafasi ya kupumua iliyokuwa kati ya kazi na kazi, na sasa mafundi wa tofali wakichelewa siku mbili wanagusa tarehe ya mwisho. Hilo lisemwe kwenye ofa, kwamba nafasi hiyo ilikuwa yako na unaitoa kwa faida ya mwenye mradi.

Sasa ukijumlisha fomu ya pili na mfuatano mpya, 21 na 14, unapata 35 kamili, unaona kama umetengenezewa, na hapa ndipo ofa nyingi zinaharibika. Siku za hatua mbili hazijumlishwi kwa kalkuleta. Fomu ya pili inataka propu zikae muda mrefu kwenye sakafu za chini, na mfuatano mpya unataka propu hizo hizo zitoke mapema ili tofali zianze. Zinagombania sakafu moja. Ukiziingiza zote kwenye programu na kuziunganisha na tarehe za kutoa propu, mfano wetu unatoa siku 29, sio 35. Jaribu mwenyewe kwenye programu yako, badilisha hatua moja moja kisha zote, ukiona jumla inalingana na kalkuleta ujue kuna kiungo umesahau kukiweka.

Kwa hiyo chaguo langu kwa mradi huu ni fomu ya pili pamoja na mfuatano mpya, siku-saiti 15, unaokoa 29, na siku 6 zilizobaki unaomba kuongezewa kwa gharama ya 6. Jumla 21 badala ya 35, na mwenye mradi anapata jengo wiki nne mapema kuliko ambavyo angepata bila kuharakisha. Ovataimu naiacha kabisa kwenye zege. Mtu akisisitiza hizo siku 6 zifutwe nazo, ovataimu itumike kwenye finishing ambako saa za fundi ndizo zinaamua mwendo, sio huku.

Chaguo hili linabadilika kwa hali mbili. Kama injinia wa miundo anasema slabu haziruhusu kubebeana, fomu ya pili inakufa na unabaki na mfuatano mpya na siku 21 za kuongezewa. Na kama mwenye mradi hana pesa ya ziada au hataki kusaini chochote, rudi kwenye kuongezewa muda tu, usiharakishe kwa ahadi ya mdomo.

Hilo la kusaini ni la kifungu pia. Kwenye toleo la 1999 kifungu 8.6 kinamruhusu injinia kukuagiza uongeze kasi kwa gharama yako pale unapochelewa kwa makosa yako, na kinatoa nje ucheleweshaji unaotokana na sababu za 8.4, kile kifungu cha kuongezewa muda, na kuchelewa kupewa saiti ni mojawapo. Kwa hiyo ukiletewa barua ya "ongezeni kasi kwa mujibu wa 8.6", jibu siku hiyo hiyo kwamba sababu ni ya 8.4 na hamuelekezwi kwa kifungu hicho. Njia yako ni makubaliano, na kifungu 13.2 kinakuruhusu kupendekeza jambo litakalowahisha kukamilika. Toleo la 2017 limerahisisha, kifungu 8.7 kinasema akielekeza hatua za kuharakisha ili kupunguza ucheleweshaji ambao una haki ya kuongezewa muda, hiyo ni mabadiliko ya kazi na inalipwa hivyo.

Ofa yenyewe basi iende na programu mbili. Moja inaonyesha athari, mwisho wa mradi umesogea siku 35, hiyo inaambatana na dai. Nyingine ni ya kuharakisha, mwisho umesogea siku 6, na juu yake imeandikwa kwamba itatumika tu yakitolewa maelekezo ya maandishi. Ukipeleka ya pili peke yake umerudi kwenye ile barua ya kwanza.

Na weka tarehe ya mwisho ya ofa, uihesabu usiibuni. Kwetu msingi unaisha wiki sita baada ya 14 Aprili, yaani 26 Mei, nguzo siku 3, fomu ya slabu ya kwanza inaanza 29 Mei, zege linamwagwa 7 Juni, na seti ya pili inahitajika saiti 12 Juni. Mwenye kukodisha anataka wiki nne, kwa hiyo oda iende kabla ya 15 Mei, na ofa tukaiandika inaisha 12 Mei: "Maelekezo yakitolewa baada ya tarehe hiyo, siku zinazookolewa zitapungua kwa siku 7 kwa kila slabu itakayokuwa imefungwa kwa seti moja, na haki yetu ya siku 35 haipunguzwi na ofa hii." Sentensi hiyo iache kwenye ukurasa wa kwanza wa barua, sio kwenye viambatanisho.